Vigae vya chuma vyenye changarawe: jua huvizeesha, lakini ni nini huviharibu?

Katika miji mingi ya Maziwa Makuu, paa la bati linalong'aa linaanza kuachia nafasi paa jingine: vigae vya rangi ya udongo, kijivu au kijani, vinavyoonekana kwa mbali kama vigae vya mfinyanzi, lakini vikiguswa vina ukwaruzo wa changarawe. Ndani yake ni chuma chembamba. Wauzaji huvitajia dhamana ya hadi miaka 50, huku baadhi ya wenye nyumba wakilalamika kwamba vilianza kutoa kutu kabla ya mwaka wa tano. Kauli zote mbili zinaweza kuwa za kweli, na sababu yake iko katika namna vigae hivi vinavyotengenezwa na kuezekwa.

Matabaka ya kigae kimoja

Kazi huanza na roli la bati lenye unene wa milimita 0.4 hivi. Bati hilo si chuma kitupu: kila upande umevikwa mchanganyiko wa metali ambao asilimia 55 ya uzito wake ni alumini, sehemu kubwa ya iliyobaki ni zinki, na kiasi kidogo ni silikoni. Kila moja ina wajibu wake. Alumini hujivika ngozi nyembamba ngumu inayozuia maji na hewa visifike kwenye chuma. Zinki nayo hujitoa mhanga: pale bati linapokatwa au kukwaruzwa, yenyewe huliwa kwanza ili chuma kilicho wazi kisipate kutu.

Bati hukatwa vipande vyenye urefu wa zaidi kidogo ya mita moja, kisha hukandamizwa kwa mashine nzito ili kipate mawimbi na mikunjo ya kigae. Baada ya hapo hupuliziwa gundi ya akriliki yenye rangi, na papo hapo changarawe humwagwa juu yake kama mvua. Zinazoshika hubaki, na zilizozidi huanguka na kukusanywa tena. Kigae huingizwa katika tanuri ili gundi ikauke, kisha hupakwa akriliki nyingine isiyo na rangi na kurudishwa tanurini. Tabaka hilo la mwisho hufunga changarawe mahali pake.

Changarawe yenyewe kwa kawaida ni jiwe jeusi la volkano lililosagwa. Iliyo bora hupakwa rangi ya aina ya kauri na kuchomwa kwa joto kali, hata rangi ikawa sehemu ya jiwe. Iliyo duni hupakwa rangi ya kawaida tu. Zikiwa mpya, ni vigumu kuzitofautisha kwa macho. Lakini chembe chache zikibanduliwa na kushikwa juu ya mwali wa moto, ile ya kauri hubaki na rangi yake, na ile iliyopakwa tu hubadilika au hupauka.

Faida kubwa ya muundo huu ni wepesi. Mita moja ya mraba ya vigae hivi ina uzito wa kilo 7 hivi, wakati vigae vya mfinyanzi au vya saruji hufikia kilo 40 au zaidi. Kwa hiyo mbao za kenchi hazihitaji kuwa nzito, na kelele ya mvua hupungua kwa sababu changarawe huvunja kishindo cha matone.

Jua hufanya nini?

Wengi hudhani changarawe imewekwa kwa ajili ya urembo. Kazi yake ya kwanza ni kuwa kivuli. Akriliki, kama plastiki nyingine, hudhoofishwa na mionzi ya urujuanimno ya jua, ambayo ni mikali katika nchi zilizo karibu na ikweta, hasa kwenye nyanda za juu. Jiwe halipitishi mionzi hiyo. Maadamu changarawe imekaa, gundi iliyo chini yake iko salama, na maadamu gundi iko, mvua haiifikii metali.

Uzee wa kawaida basi huenda hivi. Katika miezi ya kwanza, mvua huosha chembe zilizokuwa hazikushika vizuri, na mwenye nyumba huzikuta kwenye mfereji wa paa. Hilo si kasoro. Kinachopaswa kutokea ni kupungua: msimu wa pili wa mvua ulete chembe chache kuliko wa kwanza. Baadaye tabaka la juu lisilo na rangi huchakaa polepole na paa hupoteza mng'ao wake. Upande unaopigwa na jua zaidi hutangulia kufifia. Palipo na kivuli cha miti, mwani na kuvu hutia weusi, nao huondolewa kwa maji na brashi laini. Mashine ya maji ya nguvu haifai, kwa kuwa hung'oa changarawe.

Chembe zinazoongezeka mwaka baada ya mwaka, au zinazotoka kwa mabaka huku gundi ikibaki wazi, ni jambo lingine. Hapo ama gundi haikukauka sawasawa kiwandani, ama ilipakwa nyembamba mno. Kasoro hiyo huonekana kwenye vigae vingi kwa pamoja, mara nyingi vya shehena moja, na ndiyo inayostahili kupelekwa kwa muuzaji.

Kasoro zinazotokana na mikono

Kasoro nyingi zaidi hazitoki kiwandani wala kwenye jua. Hutokea siku ya kuezeka. Tuchukue mfano wa paa la kawaida lenye miteremko miwili, kila mmoja mita 12 kwa 5. Ni mita za mraba 120, na kwa kuwa kigae kimoja hufunika karibu nusu mita ya mraba, paa hilo hubeba vigae 250 na kidogo. Miaka minne baadaye mwenye nyumba anaona michirizi ya hudhurungi karibu na mfereji, na anaambiwa abadilishe paa lote. Kabla ya kukubali, kuna mahali patatu pa kutazama.

Pa kwanza ni karibu na mikato: pale miteremko inapokutana na kwenye kingo. Ikiwa madoa ya kutu ni madogo kama punje za mtama, yametawanyika juu ya changarawe, na yanafutika kwa kukwaruzwa, basi chanzo ni grenda. Kisu chake hurusha cheche za chuma cha moto zinazonasa juu ya vigae na kuoza hapo. Ubaya zaidi uko kwenye mkato wenyewe, kwa kuwa joto huchoma gundi na zinki iliyopaswa kuulinda. Kigae hukatwa kwa mkasi wa bati, au kwa mashine ya kukatia iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Pa pili ni njia ya miguu. Kama mabaka yasiyo na changarawe yamejipanga mstari mmoja kuelekea kwenye antena au tangi la maji, paa limekanyagwa vibaya. Mahali salama pa kukanyaga ni kwenye bonde la wimbi, karibu na ukingo wa mbele wa kigae, ambako chini yake kuna ubao. Anayekanyaga mgongo wa wimbi hulibonyeza bati, gundi hupasuka, na changarawe huachia.

Pa tatu ni panapokutana paa na ukuta. Mafundi wengi huziba hapo kwa saruji. Saruji mbichi ina ukali wa magadi, nao huiyeyusha ile ngozi ya alumini. Dalili yake ni unga mweupe kandokando ya saruji, na baada yake kutu. Dawa yake ni bati la ukingo lililokunjwa na kuingizwa ukutani, ili maji yapite juu ya vigae bila saruji kuvigusa. Shaba nayo isiwe juu ya paa hili, hata kama ni bomba dogo tu, maana maji yanayotoka kwenye shaba huila alumini na zinki.

Katika mfano wetu, huenda vigae sita au saba kati ya 250 ndivyo vinavyohitaji kubadilishwa. Hilo linawezekana kwa sababu ya namna vinavyofungwa: msumari hupigwa kwa ubavu, kupitia ukingo wa mbele wa kigae hadi kwenye ubao, si kwa kutoka juu. Fundi hung'oa misumari ya safu ya juu, huinua ukingo wake, hutoa kigae kibovu na kuchomeka kipya. Msumari uliopigwa wima katika bonde la wimbi, panapopita maji, ni kosa, na hapo ndipo uvujaji mwingi huanzia. Mabaka madogo hutibiwa bila kubadilisha kitu: pasafishwe, pakauke, kutu isuguliwe na kupakwa rangi ya kuizuia, kisha gundi ya akriliki na changarawe ya rangi ileile.

Mahali ambapo dhamana hukoma

Ile ngozi ya alumini haipendi ukali wa magadi, wala haipendi tindikali. Jambo hili lina uzito kwa wakazi wa mashariki mwa Kongo. Volkano ya Nyiragongo, iliyolipuka mwaka 2002 na tena Mei 2021, pamoja na jirani yake Nyamulagira, hutoa gesi zinazoifanya mvua kuwa na tindikali, hasa katika vijiji vya upande wa magharibi ambako upepo huupeleka moshi mara nyingi. Huko mabati ya kawaida huoza upesi. Kigae chenye changarawe hustahimili zaidi juu yake, kwa kuwa gundi na jiwe humkinga, lakini kila mkato, kila tundu la msumari na kila baka lililo wazi ni mlango. Kwenye pwani ya Bahari ya Hindi, chumvi hufanya kazi iyo hiyo.

Kwa sababu hiyo, karatasi ya dhamana isomwe kabla ya fedha kutolewa. Mara nyingi miaka 50 inahusu paa kutopitisha maji, si kufifia kwa rangi, na huondoa makosa ya uezekaji, maeneo ya chumvi na maeneo yenye moshi wa tindikali. Na unene upimwe kwa milimita, kwenye bati lisilo na changarawe, badala ya kutegemea namba ya geji iliyotajwa kwa mdomo. Geji 28 inapaswa kukaribia milimita 0.4, na geji 30 ni karibu milimita 0.3. Tofauti hiyo ya sehemu moja ya kumi ya milimita ni robo ya chuma chote ambacho mnunuzi alidhani amekilipia.