Mtumishi wa Isaya: Nani Anasema Katika Shairi?

Shairi la Mtumishi anayeteseka, katika kitabu cha nabii Isaya, halianzi pale wasomaji wengi wanapodhani. Linaanzia aya tatu za mwisho za sura ya 52 na kuishia mwisho wa sura ya 53. Mgawanyo wa sura tunaoutumia leo, unaohusishwa na Stephen Langton wa mwanzoni mwa karne ya 13, ndio uliolikata vipande viwili. Katika aya zile tatu Mungu anamtambulisha mtumishi wake, na wafalme wa mataifa wanafumba vinywa kwa kuona jambo ambalo hawajapata kuambiwa. Mara inaingia sauti ya watu wanaojiita "sisi". Wanaungama kwamba walimdharau mtumishi huyo wakidhani Mungu anamwadhibu, kumbe aliteswa kwa makosa yao. Naamini Wayahudi na Wakristo wanaachana hapa, katika kuamua hao "sisi" ni nani, kabla hata ya kumtaja mtumishi.

Rabi Rashi wa Troyes, Ufaransa, aliyefariki mwaka 1105, aliwasikia wafalme wale wale wakiendelea kusema. Kama ni wao, basi aliyedharauliwa ni taifa zima la Israeli, na mataifa yanakiri kwamba mateso yake hayakuwa dalili ya kukataliwa na Mungu. Usomaji huu una mizizi ndani ya kitabu chenyewe. Sura za 41, 44 na 49 zinamwita mtumishi Israeli waziwazi, na sura hizi zinazungumza na watu waliopelekwa uhamishoni Babeli baada ya Yerusalemu kuangushwa mwaka 586 KK. Taifa lililopoteza mji, hekalu na mfalme linaweza kuelezwa kama mtu aliyekufa na kuzikwa, kisha akapewa tena uzao.

Wapo wanaodai kwamba Rashi alibuni maelezo hayo ili kuwakwepa Wakristo, hasa baada ya Wayahudi wa bonde la mto Rhine kuuawa kwa wingi mwaka 1096, wakati wa Vita vya kwanza vya Msalaba. Machungu ya enzi hiyo huenda yaliyapa maelezo yake uzito mpya, lakini hayakuyazaa. Mkristo Origeni, akiandika katikati ya karne ya 3, anasimulia kwamba Wayahudi aliojadiliana nao walimweleza kuwa shairi linahusu taifa lao lililotawanywa na kupigwa. Ushahidi huo unatoka kwa mpinzani, tena zaidi ya miaka 800 kabla ya Rashi.

Msomaji Mkristo huwasikia "sisi" kuwa ni watu wa nabii mwenyewe, naye ana hoja. Katikati ya shairi inasemwa kwamba mtumishi alipigwa kwa kosa la "watu wangu"; ikiwa watu hao ni Israeli, Israeli haiwezi kuwa mtumishi pia. Tena mtumishi hana hatia, ilhali sura ya 42 inamlaumu mtumishi kuwa kipofu na kiziwi, na sura ya 49, ile ile inayomwita Israeli, inamtuma kuirudisha Israeli. Kwa hiyo Wakristo wa kwanza walitafuta mtu mmoja. Katika Matendo ya Mitume sura ya 8, towashi Mwethiopia anamuuliza Filipo kama nabii anajisema mwenyewe au mwingine, na Filipo anamhubiria Yesu. Wasomaji Wayahudi hujibu kwamba kila mfalme anaweza kusema "watu wangu" akimaanisha raia wake, na kwamba mtumishi asiye na hatia ni wale waaminifu ndani ya taifa.

Pingamizi jingine ni kwamba Wayahudi wa kale nao walimtaja Masihi hapa, na ni kweli. Targumi, tafsiri ya Kiaramu, inamwita mtumishi Masihi, ila inayahamishia mateso kwa wengine, hata kwa hekalu. Katika mdahalo wa Barcelona wa mwaka 1263, rabi Moshe ben Nahman alikiri kwamba baadhi ya walimu walimsoma Masihi katika shairi hili, lakini akashikilia kuwa maana yake ya wazi ni Israeli. Kwa hiyo mpaka haupo kwenye jina la Masihi peke yake. Upo kwenye swali la nani alikosea kuhusu nani: mataifa kuhusu Israeli, au watu wa nabii kuhusu mmoja wao? Shairi halimtaji msemaji, na kila jibu lina gharama yake. Anayesema ni taifa lazima aeleze usafi wa mtumishi. Anayesema ni mtu mmoja lazima aeleze kwa nini kitabu kimemwita Israeli mara kadhaa. Kumwita mwenzako mkaidi kwa sababu amechagua gharama nyingine ni kutolisoma shairi lenyewe.