Namoya: dhahabu iliyouzwa kabla ya kutoka ardhini

Wakaaji wa Salamabila, katika wilaya ya Kabambare, jimbo la Maniema, wanakumbuka malori na mashini za mgodi wa Namoya. Wengi wao hawajui kwamba sehemu ya dhahabu ya mgodi huo ilikuwa imekwisha kuuzwa ingali ndani ya mawe.

Mgodi ulikuwa wa kampuni ya Kanada, Banro, iliyochimba pia Twangiza, Kivu ya Kusini. Twangiza ilianza kutoa dhahabu mwaka 2011, wakati bei ilikuwa juu sana. Mwaka 2012, Banro ilikopa dola milioni 175 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, ili ijenge Namoya. Mwaka uliofuata bei ya dhahabu ikaporomoka, na ujenzi wa Namoya ukachelewa. Kampuni ikabaki na deni, bila feza za kumaliza kazi.

Ndipo mwaka 2015 ikafanya mkataba wa mkondo wa dhahabu. Wawekezaji walitoa dola milioni 50 mara moja. Kwa upande wake, kampuni ilikubali kuwapa asilimia 8.33 ya dhahabu ya Namoya kwa maisha ya mgodi, na wao wangelipa dola 150 tu kwa kila onsi.

Huo si mkopo wa kawaida. Mkopo una tarehe ya kulipa, hata kama mgodi umesimama. Mkondo hauna tarehe: dhahabu ikitoka, mnunuzi anapata sehemu yake, isipotoka, anangoja. Tena si sawa na mrabaha, ule ambao wengi wanauita redevansi. Mwenye mrabaha hupata asilimia ya feza za mauzo na halipi kitu tena. Mwenye mkondo hupata dhahabu yenyewe, na hulipa ile bei ndogo kila mara. Mtindo huu ulijulikana duniani tangu 2004, kampuni ya Silver Wheaton ilipoanza kununua feza nyeupe ya migodi ya Mexico kwa njia hiyo.

Mkulima anayeuza shamba la muhogo kabla ya kuvuna anaelewa: anapata feza leo za kulipia dawa au masomo, lakini siku ya kung'oa, muhogo si wake wote.

Asilimia 8.33 ni kama onsi moja kati ya kumi na mbili. Tuseme bei ya soko ni dola 1,200, karibu na ile ya mwanzo wa 2015, na kuchimba onsi moja kunagharimu dola 1,100. Bila mkondo, onsi kumi na mbili zinaleta dola 14,400, gharama ni 13,200, faida ni 1,200. Pamoja na mkondo, onsi kumi na moja zinaleta 13,200, na ile ya kumi na mbili inaleta 150 tu. Faida inabaki dola 150.

Sasa bei ikishuka hadi 1,150, mgodi usio na mkondo bado unapata dola 600. Wenye mkondo unapoteza 400. Mwishoni mwa 2015 bei ilishuka hata chini ya 1,100. Hapo ndipo hatari ilipo: onsi ya mnunuzi inachimbwa kwa mafuta, dawa na mishahara ileile kama zingine, lakini hailipii gharama yake. Mawe yenye dhahabu kidogo, ambayo yangeweza kuchimbwa kwa faida, yanaachwa, na maisha ya mgodi yanakuwa mafupi.

Baadaye Banro iliuza mkondo wa Twangiza pia: dola milioni 67.5 kwa asilimia 11.67. Hata hivyo deni halikuisha. Mwaka 2017 mapigano ya wapiganaji wa Mai-Mai yalisimamisha Namoya, na Desemba mwaka huo kampuni iliomba ulinzi wa mahakama huko Kanada dhidi ya wadai wake. Septemba 2019 ikasimamisha kazi zake zote Kivu ya Kusini na Maniema kwa sababu ya usalama.

Mkondo peke yake haukuiangusha Banro. Deni, bei na vita vilikuwepo. Lakini ulipunguza nguvu ya mgodi kuvumilia siku mbaya. Wenye mkondo nao walikaa bila dhahabu, kwani mgodi uliofungwa hauna asilimia ya kugawa.

Mkataba wa namna hii kwa kawaida hufuata mgodi, si kampuni tu. Kwa hiyo mgodi unapopata mwenyewe mpya, familia za Salamabila, zile zilizobaki na zile zilizokimbia, zina haki ya kuuliza maswali matatu kabla ya ahadi za kazi na shule: ni onsi ngapi kati ya kumi na mbili ambazo zimekwisha kuuzwa, kwa bei gani, na hadi lini?