Maziwa mabichi

Maziwa mabichi ni maziwa ya mifugo ambayo hayajachemshwa. Mkoani Morogoro hutoka kwa ng'ombe wa wafugaji wa tambarare na, katika Milima ya Uluguru, kwa mbuzi wa maziwa wa Mgeta. Yanaweza kubeba bakteria wa bruselosi, ambayo homa yake ya vipindi na maumivu ya viungo hudhaniwa kirahisi kuwa malaria, na wa kifua kikuu cha ng'ombe, ambacho kwa binadamu mara nyingi hushika tezi za shingo. Harufu wala ladha haiwafichui. Nyuzijoto 72 kwa sekunde 15 huwaua. Jikoni, povu kupanda si ishara ya kutosha. Maziwa hukorogwa mpaka yatokote. Mtindi wa maziwa yasiyochemshwa hauaminiki, kwani uchachu hauwaui wote.