Mahindi ya Makueni: Jinsi Chanzo cha Vifo vya 2004 Kilivyopatikana

Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui nchini Kenya, watu waliingia hospitalini macho yakiwa ya manjano, na wengi hawakutoka hai. Hadi Julai walihesabiwa wagonjwa 317, na 125 kati yao walikufa. Nawafundisha wanafunzi wangu kisa hiki kwa sababu muuaji alikuwa chakula chenyewe.

Wachunguzi walianza kwa kuamua nani ahesabiwe: aliyelazwa tangu Januari mwaka huo akiwa na umanjano wa ghafla usiojulikana sababu. Fasili ya namna hiyo ni pana kwa makusudi. Humnasa hata mwenye ini lililoharibiwa na pombe, lakini mwanzoni ni afadhali kuchukua wengi kuliko kumpoteza anayebeba jibu. Kasoro yake ni kwamba aliyefia nyumbani hakuhesabiwa.

Kisha wagonjwa hupangwa kwenye mchoro kwa tarehe walizoanza kuugua. Chakula cha sherehe moja huinua kilele kirefu chembamba kinachoporomoka upesi. Hapa wagonjwa walitapakaa kwa miezi kadhaa, dalili kwamba watu waliendelea kukutana na chanzo kilekile. Mchoro husema hivyo tu. Hautaji jina la sumu.

Shaka iliangukia mahindi. Mkoa huo ulikuwa umewahi kupata sumukuvu mwaka 1981, huko Machakos, ambako watu 12 kati ya 20 waliougua walikufa. Lakini kila mtu alikula mahindi, wazima kwa wagonjwa, kwa hiyo kuuliza "ulikula nini?" kusingetosha. Wachunguzi waliwalinganisha wagonjwa 40 na watu 80 wasiougua. Mahindi ya shambani mwa wagonjwa yalikuwa na sumukuvu takriban mara nane ya yale ya wenzao, na wagonjwa walielekea zaidi kuhifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba badala ya ghalani. Vipimo vya damu vilithibitisha kwamba sumu ilikuwa imeingia mwilini. Viashiria vya homa ya ini aina ya B navyo vilionekana zaidi kwa wagonjwa. Yaelekea ini lililokwisha kudhoofika lilishindwa mapema.

Hata hivyo, mwenye njaa huhifadhi mahindi ndani kwa kuwa anaogopa wezi. Kumwambia akaushe vizuri bila kumpa chakula kingine ni kumtaka achague kati ya vifo viwili, na ndiyo maana serikali ililazimika kugawa mahindi ya kubadilisha. Nayo hayakutosha kuziba mwanya wote: sampuli 350 zilipochukuliwa sokoni, asilimia 55 zilivuka kiwango halali cha sehemu 20 kwa kila bilioni. Mkulima aliyeuza mavuno yake mabovu kwa mfanyabiashara angeweza kuyanunua tena dukani, yakiwa ndani ya gunia jingine.