Mchoro wa Gimba Huru: Sanduku Kwenye Mteremko

Mchoro wa gimba huru ni mchoro wa kitu kimoja tu, kilichotengwa na kila kinachokigusa, pamoja na mishale inayoonyesha kani zote zinazotenda juu yake. Gimba ni kitu chochote chenye tungamo: jiwe, gari, ndoo ya maji. Wapo wanaosema "mwili huru", lakini mwili kwetu ni wa mtu au mnyama, na sanduku halina mwili. Gimba linafaa zaidi.

Neno linalohitaji maelezo ni "huru". Mwanafunzi akilisikia hudhani gimba hilo liko huru kusogea, au kwamba hakuna kani inayolishika. Sivyo. Uhuru unaokusudiwa hapa ni wa kwenye karatasi: tumelikata gimba kutoka katika mazingira yake, na kila mahali tulipokata tumeweka mshale badala ya kile tulichokiondoa. Sakafu imefutwa, lakini kani yake imebaki. Kamba imefutwa, lakini mvuto wake umebaki. Kwa hiyo anayeuchora mchoro huu huanza kwa kutenga, kisha huuliza swali moja kwa kila mshale: ni kitu gani kinacholisukuma au kulivuta gimba hili? Mshale usio na mtendaji hauna nafasi katika mchoro.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Ubao wa urefu wa mita 3 umeegemezwa kwenye bodi la lori, na ncha yake ya juu iko mita 1.2 kutoka ardhini. Juu ya ubao kuna sanduku la mbao lenye tungamo la kilo 20, limetulia, halishikwi na mtu. Tunataka kujua kwa nini halitelezi, na lini litateleza.

Tunachora sanduku peke yake, bila ubao, bila lori. Kisha tunahesabu watendaji. Wa kwanza ni dunia, ambayo hulivuta sanduku bila kuligusa. Kani yake ni uzito, na mshale wake huelekea chini wima, hata kama ubao umeinama kiasi gani. Tungamo la kilo 20 likizidishwa kwa 9.8 hutoa uzito wa nyutoni 196. Wengi hukosea hapa: huuelekeza mshale wa uzito ndani ya ubao badala ya chini, kwa kuwa jicho limekwisha kuuzoea mwinamo. Dunia haijui kama kuna ubao.

Mtendaji wa pili, na wa mwisho, ni ubao wenyewe, kwa kuwa hakuna kitu kingine kinacholigusa sanduku. Lakini ubao hutenda kwa namna mbili, nasi huzichora kwa mishale miwili. Kwanza, hulizuia sanduku lisizame ndani yake, kwa kani inayotoka kwenye uso wa ubao kwa pembe mraba. Kani hii Kiingereza huiita kwa neno ambalo katika jiometri maana yake ni "yenye pembe mraba", na aliyelifasiri kuwa "kani ya kawaida" amechukua maana ya mtaani. "Kani wima" nayo haifai, kwa sababu kwenye mteremko mshale huu hauko wima, umeinama pamoja na ubao. Mimi husema kani ya kuhimili, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Pili, uso wa ubao hulizuia sanduku lisiteleze, kwa kani ya msuguano inayolala sambamba na ubao. Kwa kuwa sanduku linataka kushuka, mshale wa msuguano huelekea juu ya mteremko.

Mishale ni mitatu, basi. Uzito umesimama wima. Ile miwili mingine imeinama. Ili kuilinganisha ni lazima tuiweke kwenye mielekeo ya aina moja, na hapa ndipo unapoingia uchanganuzi wa kani. Kuchanganua kani ni kuigawa katika sehemu mbili zenye pembe mraba baina yao, ambazo zikiunganishwa hurudisha kani ileile. Kila sehemu huitwa kijenzi. Tuna hiari ya kuchagua mielekeo, na busara ni kuchagua mmoja sambamba na ubao na mwingine kwa pembe mraba na ubao. Hapo kani ya kuhimili na msuguano haziguswi, maana zimekwisha kulala kwenye mielekeo hiyo. Inabaki kuchanganua uzito peke yake.

Pembe ya mwinamo, θ, tunaipata kwa saini: 1.2 ikigawanywa kwa 3 ni 0.4, yaani takriban nyuzi 23.6. Pembe hiyohiyo hutokea tena kati ya mshale wa uzito na mstari unaoingia ubaoni kwa pembe mraba. Sababu ni rahisi: ubao ukilala chini kabisa, mistari hiyo miwili hulala pamoja, ukiuinua ubao kwa nyuzi 10, mstari wake huzunguka nyuzi 10 nao, ilhali uzito haubadiliki. Hivyo vijenzi vya uzito ni hivi:

```
sambamba na ubao:   W sin θ = 196 × 0.400 = 78.4 N
kwa pembe mraba:    W cos θ = 196 × 0.9165 = 179.6 N
```

Anayesahau wapi pa kutumia saini na wapi kosaini asikariri. Ajaribu pembe ya sifuri. Ubao ukiwa umelala, hakuna kinacholivuta sanduku kando, kwa hiyo kijenzi sambamba lazima kiwe sifuri. Saini ya sifuri ni sifuri, kosaini yake ni 1. Jibu limejitokeza lenyewe.

Tazama pia kwamba nyutoni 78.4 ni uzito uliozidishwa kwa kimo cha ubao na kugawanywa kwa urefu wake, bila kuhitaji pembe yoyote. Kanuni hiyo ilithibitishwa na Simoni Stevini, mzaliwa wa mji wa Bruji, katika kitabu chake cha mwaka 1586. Aliwaza mkufu wa mipira 14 inayolingana uzito, uliozungushwa juu ya pembetatu yenye mteremko mmoja mrefu mara mbili ya mwingine. Kwenye mteremko mrefu kuna mipira minne, kwenye mfupi miwili, na iliyobaki inaning'inia chini kwa ulinganifu. Kama upande mmoja ungeushinda mwingine, mkufu ungesogea. Lakini baada ya kusogea hali ingekuwa ileile ya mwanzo, na ungezunguka milele bila kusukumwa. Hilo haliwezekani, kwa hiyo mipira minne kwenye mteremko mrefu inalingana na miwili kwenye mfupi. Stevini aliyaandika haya kwa Kiholanzi, wakati wasomi wengi wa Ulaya waliandika Kilatini, na istilahi alizozihitaji alizibuni kutokana na maneno ya lugha yake. Neno la Kiholanzi la hisabati, linalotumika hadi leo, limetokana na kazi yake.

Turudi kwenye sanduku. Limetulia, kwa hiyo katika kila mwelekeo kani zinalingana. Kwa pembe mraba, kani ya kuhimili ni nyutoni 179.6, ambayo ni ndogo kuliko uzito. Sambamba na ubao, msuguano ni nyutoni 78.4.

Kosa linalojificha zaidi hutokea baada ya hapa. Mwanafunzi akishapata kijenzi cha nyutoni 78.4, hukichora kama mshale wa nne na kukiita "kani ya kuteremka". Mchoro sasa una uzito mzima pamoja na kipande cha uzito huohuo, na dunia imehesabiwa mara mbili. Ukiuliza swali la mtendaji, kosa linaonekana mara moja: nani analisukuma sanduku kushuka? Hakuna zaidi ya dunia, na dunia ina mshale wake tayari. Vijenzi vichorwe kwa mistari ya vitone, au kwenye mchoro wa pembeni, na anayevitumia aufute mshale wa uzito.

Kosa jingine liko kwenye msuguano. Tuseme kizigeu cha msuguano tuli kati ya sanduku na ubao ni 0.5. Wengi huzidisha 0.5 kwa 179.6, hupata nyutoni 89.8, na kuuandika huo kuwa ndio msuguano. Lakini kama ungekuwa huo, sanduku lingesukumwa kupanda mteremko lenyewe, maana 89.8 inaizidi 78.4. Nyutoni 89.8 ni kikomo cha uwezo wa uso ule. Msuguano tuli hutoa kiasi kinachohitajika tu, hadi kikomo hicho. Ndiyo maana huupati kwa kizigeu, bali kwa kulinganisha mishale.

Kikomo hicho kinatuambia lini sanduku litateleza. Tukiuinua ubao, kijenzi sambamba hukua, na kani ya kuhimili hupungua, na kikomo cha msuguano pamoja nayo. Kijenzi na kikomo vinakutana pale ambapo W sin θ inalingana na 0.5 × W cos θ. Uzito unajifuta pande zote mbili, na inabaki tanjenti ya pembe kuwa 0.5, yaani nyuzi 26.6. Kwa ubao wetu hicho ni kimo cha mita 1.34. Sanduku la kilo 20 na la kilo 200, yakiwa ya mbao ileile, yatateleza kwenye mwinamo uleule.

Na mtu akilisukuma sanduku kupanda kwenye mwinamo wetu wa kwanza, tunauchora mchoro upya. Ameongezeka mtendaji wa tatu, na msuguano umegeuka kuelekea chini ya mteremko, kwa sababu sasa sanduku linataka kupanda. Akisukuma sambamba na ubao, atahitaji kuzidi 78.4 na 89.8 zikijumlishwa, yaani takriban nyutoni 168, ndipo sanduku lianze kusogea.

Mchoro huu una mpaka wake. Tumezichukulia kani zote kana kwamba zinatenda kwenye nukta moja, na hilo linatosha kwa swali la kuteleza. Halitoshi kwa swali la kupinduka. Hapo lazima sanduku lichorwe kwa vipimo vyake, na mshale wa uzito ushuke kutoka katikati ya sanduku. Mstari wake ukiangukia ndani ya kitako, sanduku husimama. Ukipita nje ya ukingo wa chini, hupinduka. Kwa sanduku lililopakiwa kwa usawa, mpaka ni pale tanjenti ya mwinamo inapolingana na upana wa kitako, kufuata mteremko, ukigawanywa kwa kimo. Sanduku lenye kitako cha sentimita 40 na kimo cha mita 1 lina mpaka wa 0.4, ilhali tanjenti ya mwinamo wetu ni takriban 0.44. Kwa hiyo kwenye ubao uleule wa mita 3, ambao msuguano wake unatosha kabisa kulizuia lisiteleze, sanduku hilo refu litaanguka kifudifudi kuelekea chini ya mteremko. Anayepakia alilaze kwanza.