Ramani ya wilaya kwa rangi: Jinsi Masasi na Newala zinavyoweza kupakwa rangi isiyo yao

Ramani inayopaka kila wilaya rangi kulingana na takwimu zake huitwa koropleti. Rangi nzito maana yake ni kiwango kikubwa, rangi hafifu ni kiwango kidogo. Kuichora ni rahisi. Tatizo ni kwamba wilaya hazilingani kwa idadi ya watu, na ukichora bila kulizingatia hilo, ramani inaweza kusema kinyume cha ukweli.

Idadi ya matukio si kiwango

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,270,854 mkoani Mtwara. Wilaya ya Masasi (bila mji) ilikuwa na watu 247,993, Newala 205,492 na Masasi Mji 102,696.

Tuseme mganga wa mkoa ana dawa chache za sumu ya nyoka na anataka kujua azipeleke wapi. Takwimu hizi ni za mfano tu: kwa mwaka mmoja, walioumwa na nyoka ni 62 Masasi, 55 Newala na 41 Masasi Mji. Akipaka rangi kwa idadi hiyo, Masasi inakuwa nzito kuliko zote na Masasi Mji inakuwa hafifu.

Sasa agawe idadi ya walioumwa kwa idadi ya watu, kisha azidishe kwa 100,000:

- Masasi: 25.0
- Newala: 26.8
- Masasi Mji: 39.9

Mpangilio umepinduka. Ile iliyokuwa ya mwisho sasa inaongoza. Ramani ya kwanza ilikuwa inaonyesha mahali penye watu wengi, basi.

Kabla ya kuamini, uliza mgonjwa anaishi wapi

Mji kuongoza kwa kuumwa na nyoka ni jambo la kushtua, maana nyoka wako zaidi mashambani. Hapa inabidi kurudi kwenye rejista. Hospitali ya Mkomaindo iko Masasi Mji, na mtu wa kijiji cha jirani akiumwa anaweza kukimbizwa huko. Kama amehesabiwa mahali alipotibiwa, mji umebebeshwa wagonjwa wa vijijini huku ukigawanywa kwa watu wa mjini peke yao.

Kanuni ni moja: watu wa juu ya mstari wa sehemu na watu wa chini yake lazima wawe wa eneo lilelile. Hesabu kwa makazi ya mgonjwa. Kama rejista haina makazi, ni salama zaidi kuunganisha Masasi na Masasi Mji kuwa eneo moja: 103 kwa watu 350,689, yaani 29.4 kwa kila watu 100,000.

Hatua za kuchora kwenye QGIS

QGIS ni programu ya bure ya kompyuta. Unahitaji faili la mipaka ya wilaya na jedwali la CSV lenye jina la wilaya, idadi ya watu na idadi ya matukio.

1. Andika namba bila koma. Ukiandika 247,993 programu inaweza kuisoma kama maneno, na safu hiyo haitatokea kwenye orodha ya kupaka rangi.
2. Unganisha jedwali na mipaka kupitia `Properties`, kisha `Joins`. Majina lazima yafanane herufi kwa herufi.
3. Nenda `Symbology`, chagua `Graduated`, na sehemu ya `Value` weka hesabu ya kiwango. Majina ya safu yawe kama yanavyosomeka baada ya kuunganisha:

```
"matukio" / "watu" * 100000
```

4. Tumia makundi 3 au 4 tu. Mkoa wenye maeneo 7 ukiupa makundi 7, kila eneo linapata rangi yake na msomaji haoni mpangilio wowote.

Wilaya ikiwa tupu kwenye ramani, usidhani ina sifuri. Mara nyingi jina halikuoana, mfano upande mmoja umeandikwa "Masasi Mji" na mwingine "Mji wa Masasi".

Angalia pia mwaka wa mipaka. Sensa ya 2012 iligawa Mtwara katika maeneo 7, lakini kwenye Sensa ya 2022 halmashauri zilikuwa 9, zikiwemo Newala Mji na Nanyamba Mji. Ukichanganya takwimu za 2012 na mipaka mipya, Newala ya vijijini itabeba watu wote 205,492 na Newala Mji itabaki wazi. Dawa yake ni kuunganisha vipande vya mipaka mipya kwa `Dissolve` mpaka virudi kuwa 7.

Watu wachache, rangi inayorukaruka

Kiwango nacho kina mtego wake. Tuseme vifo vya nyoka Masasi Mji ni 3 mwaka huu na 1 mwaka ujao. Kiwango kinashuka kutoka 2.9 hadi 1.0, na rangi inabadilika kabisa, kwa tofauti ya watu wawili tu. Kinondoni, iliyokuwa na watu 1,775,049 mwaka 2012, tofauti hiyohiyo ingesogeza kiwango kwa 0.1, na hakuna ambaye angeiona.

Ndiyo maana kwenye ramani ya nchi nzima, wilaya zenye watu wachache hujaa kwenye ncha zote mbili, nzito kabisa na hafifu kabisa, hata kama hatari ni ileile kila mahali. Ukiona hivyo, shuku idadi ya watu kwanza.

Njia ya kwanza ni kujumlisha miaka. Chukua vifo vya miaka 3 na ugawe kwa jumla ya watu wa miaka yote 3. Eneo ambalo bado lina matukio chini ya 20 lichorwe mistari juu ya rangi, ili msomaji ajue namba yake haijatulia.

Njia ya pili ni kuvuta kiwango cha eneo dogo kuelekea wastani wa mkoa. Tuseme wastani ni 1.5. Ongeza watu 100,000 wa kubuni wenye vifo 1.5 kwenye hesabu ya Masasi Mji: 4.5 gawanya kwa 202,696, unapata 2.2 badala ya 2.9. Eneo lenye watu wengi likifanyiwa hivyo halisogei sana. Programu ya GeoDa, nayo ya bure, hutafuta yenyewe uzito wa kuvuta kupitia `Empirical Bayes`. Lakini ramani lazima iseme kuwa viwango vimevutwa, la sivyo mtu atadhani ni vya rejista.

Jicho linaangalia ukubwa wa ardhi

Manispaa ya Mtwara Mikindani ina kilomita za mraba 163 hivi katika mkoa wa takriban 16,700. Kwenye ramani haifiki asilimia 1, ila mwaka 2012 ilikuwa na watu 108,299, zaidi ya asilimia 8 ya mkoa. Rangi yake, iwe nzito namna gani, kwenye kioo cha simu ni kama doa.

Kwa hiyo juu ya rangi ya kiwango, weka duara ambalo ukubwa wake unafuata idadi ya matukio. Rangi itamwambia mganga wapi hatari ni kubwa, na duara litamwambia abebe dozi ngapi.