Moto wa jirani ukiteketeza duka lako, nani hulipa?

Lamu inaujua moto unaoruka paa hadi paa. Mwaka 1982 moto mkubwa uliteketeza nyumba za makuti mjini humo, na baadaye wengi wakaezeka mabati. Ng'ambo ya pili, Mokowe, hatari huzidi msimu wa kaskazi, wakulima wanapochoma mashamba ilhali majani yamekauka na upepo ni mkali.

Tuseme mkulima amechoma magugu yake bila kulima ukanda wa kuzuia moto, kisha cheche zikaunguza nusu ya duka la jirani. Je, alipe?

Kuwa moto umetoka kwake hakutoshi. Sheria ya mapokeo ya Kiingereza, ambayo mahakama za Kenya huifuata, haimtwiki mtu mzigo wa moto uliozuka kwa ajali tupu. Mwenye duka athibitishe uzembe: upepo ulikuwaje, nani alikuwa akiulinda moto, maji yalikuwapo? Hata radi haimwokoi aliyezembea baadaye. Katika kesi ya Goldman na Hargrave, iliyoamuliwa mwaka 1966, radi iliwasha mti huko Australia. Mwenye shamba akaukata, kisha akauacha uungue wenyewe badala ya kuuzima kwa maji. Upepo ulipovuma, moto ukawafikia majirani, naye akawajibika.

Sasa bima. Bima ya moto ya mkulima hulinda mali yake mwenyewe. Hailipi duka la jirani ila iwe na kipengele cha dhima kwa watu wengine. Kwa hiyo mwenye duka huanza na bima yake. Ikiwa mali yake ina thamani ya Sh800,000 lakini aliikatia bima ya Sh400,000 tu, na hasara ni Sh400,000, kampuni kwa kawaida hulipa nusu ya hasara, yaani Sh200,000. Sh200,000 zilizobaki atamdai mkulima. Nayo kampuni, ikishalipa, huchukua nafasi ya mteja wake na kumdai mkulima huyo huyo kile ilicholipa.

Hapa ndipo wengi huponzwa na wema wao. Wazee huketi, mkulima hutoa Sh50,000, na mwenye duka hutia saini kwamba hana dai tena. Sulhu ni jambo jema, lakini saini hiyo imezima pia haki ya kampuni, nayo yaweza kukataa kulipa, au kumdai mteja irudishiwe fedha zake. Kwanza aiarifu kampuni kwa maandishi. Akipokea chochote kabla ya jibu, hati iseme ni sehemu tu ya fidia na kwamba madai mengine yamebaki.

Mahakama ya madai madogo nchini Kenya husikiliza madai ya mali yasiyozidi Sh1,000,000, na muda wa kushtaki kwa uzembe ni miaka 3 tangu hasara itokee. Picha za majivu na majina ya walioona zikusanywe siku hiyo hiyo, kabla vifusi havijaondolewa.